Kuja Kuangalia ni Elfu Kumi

Video haifiki hata dakika moja. Mkono wenye spana malaya unakamata kichwa cha koki ya jikoni, unakizungusha mara chache, kinatoka. Kwenye kiganja kinaonekana kipande cha mpira cheusi, kimeliwa katikati hadi kimeacha mfereji wa duara. Kinawekwa kipya, koki inarudishwa, maji yanafunguliwa na kufungwa, na tone halionekani tena. Chini yake fundi ameandika: “Kazi safi. Karibuni wateja. Njoo inbox kwa bei.”

Kwenye Instagram na TikTok video za namna hii ziko nyingi, na mafundi bomba wa Dar es Salaam hawako nyuma. Nyingi zimepigwa vizuri. Kinachoangusha ni maandishi ya chini. Mtu ambaye bomba lake linadondoka anataka kujua mambo machache sana: fundi yuko wapi, anakuja lini, na akifika tu anadai kiasi gani. “Njoo inbox” haijibu hata moja. Mtazamaji anapitisha kidole, anaendelea na video nyingine.

Linganisha na maelezo kama haya, ambayo fundi wa Tabata angeweza kuyaandika chini ya video ileile. Bei ni za mfano.

“Koki inadondoka hata ukiikaza? Kuja kuangalia ni Sh 10,000, Tabata, Segerea na Buguruni. Ukinipa kazi, hiyo elfu kumi naikata kwenye ufundi. Vifaa unalipia wewe, na risiti unaiona. Koki hii ya jikoni ilitaka washa tu; yako inaweza kuwa na tatizo jingine. Nitumie WhatsApp video fupi ya koki yako na mtaa ulipo. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni.”

Hakuna ushairi hapo, lakini kila sentensi ina kazi yake, na ya kwanza kutazamwa ni ile ya bei. Imewekwa juu kwa sababu. Instagram inaruhusu maelezo ya hadi herufi 2,200, ila anayetazama huonyeshwa mwanzo tu, mengine yanafichwa hadi abonyeze. Bei iliyowekwa mwishoni, baada ya salamu na msururu wa alama za reli, wengi hawatafika kuisoma.

Hiyo elfu kumi inanunua nini? Hapa ndipo fundi na mteja hugombana. Kwa mazoea ya mitaani, “njoo uangalie” haina malipo: fundi anapanda bodaboda, anafika, anafungua, anasema tatizo ni hili, mwenye nyumba anajibu atamtafuta mwisho wa mwezi. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh 4,000 na safari imekula saa moja na nusu. Fundi amelipia mwenyewe nafasi ya kumpa mtu ushauri. Mafundi wengi hufidia hasara hiyo kimyakimya, kwa kuongeza bei kwa mteja anayefuata. Kwa maana nyingine, ada ya kufika ipo siku zote. Tofauti ni kama imeandikwa au imefichwa.

Ikiandikwa, hesabu ni nyepesi. Mteja wa Segerea anakubali kazi. Ufundi ni Sh 20,000, washa Sh 1,000. Kwa kuwa elfu kumi inakatwa kwenye ufundi, jumla yake ni Sh 21,000. Fundi asiyekata angemtoza Sh 31,000 kwa kazi ileile. Njia zote mbili ni halali, lakini zikiachwa bila kutajwa zinazua kelele mlangoni, kila upande ukiamini umedhulumiwa. Neno moja, “naikata” au “siikati”, linamaliza ugomvi kabla haujaanza. Mteja akikataa kazi, fundi anabaki na elfu kumi yake, akitoa nauli amepata Sh 6,000 kwa muda wake, na wanaagana vizuri.

Sentensi ya washa nayo inafaa kutazamwa, kwani video ndiyo inayodanganya bila kukusudia. Anayeona mpira unabadilishwa kwa sekunde chache huamini koki yake pia itapona hivyo hivyo. Huenda. Huenda isiwe hivyo kabisa.

Koki za kawaida za kuzungusha mara nyingi hufunga maji kwa kukandamiza washa ya mpira juu ya kiti, yaani ukingo wa duara wa chuma ulio ndani ya mwili wa koki. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na kuchimbika. Mwenye nyumba anakaza zaidi, mpira unachimbika zaidi. Dalili yake ni moja: koki imefungwa, maji yanatoka mdomoni. Lakini maji yakivuja kwenye shina, chini ya mkono wa kuzungushia, tena koki ikiwa wazi, washa haihusiki. Hapo ni oringi au pakingi inayozunguka shina. Yakivuja ukutani pale koki inapoungana na bomba, tatizo ni kwenye nyuzi, na dawa yake ni kufungua, kusafisha na kuzungushia upya utepe mweupe wa kuzuia kuvuja. Na zile koki mpya za kugeuza robo duara aghalabu hazina washa ya mpira. Ndani zina katriji yenye visahani viwili vigumu vinavyoteleza kimoja juu ya kingine; mchanga ukivikwaruza, hubadilishwa katriji nzima.

Ndiyo maana ombi la video ya mteja ni la busara kuliko linavyoonekana. Video ya sekunde kumi inamwonyesha fundi aina ya koki na mahali maji yanapotokea, naye anabeba kifaa sahihi safari ya kwanza. Bila hiyo anafika na washa ya nusu inchi, anakuta katriji, kisha kunaanza safari ya duka la vifaa ambayo hakuna aliyeipangia bei.

Kuna hitilafu moja ambayo hata video haitaionyesha. Fundi makini, akishafunga maji kwenye koki kuu karibu na mita au kwenye valvu ya tangi, hufungua koki kwanza ili maji yaliyobaki na presha viishe. Akilegeza kichwa, anashika mwili wa koki kwa kifaa cha pili, bomba lisijizungushe na kupasukia ukutani. Kichwa kikitoka, kabla ya kuweka washa mpya anapitisha ncha ya kidole kwenye kile kiti. Kikiwa laini, kazi ni rahisi. Kikiwa na mikwaruzo au kimeliwa upande mmoja, washa mpya itakaa muda mfupi tu halafu matone yatarudi, na mteja ataapa kwamba alitapeliwa. Kiti kinaweza kusagwa kwa kifaa chake kikawa sawa, ama koki ibadilishwe yote. Uamuzi huo hutolewa pale pale, koki ikiwa wazi, na kwa kweli ndiyo kazi hasa ambayo elfu kumi ya kufika imelipia.

Baadhi ya mafundi hupenda kuvuta wateja kwa vitisho: bomba linalodondoka linakufilisi! Hesabu haiungi mkono. Weka kikombe cha mililita 250 chini ya koki. Kikijaa kwa dakika 20, hiyo ni mililita 750 kwa saa, lita 18 kwa siku, yaani karibu ndoo moja kubwa. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 540. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo umepoteza zaidi kidogo ya nusu uniti. Si kitu cha kudharau, hasa kwa nyumba inayopandisha maji kwenye tangi kwa pampu na kulipia umeme wa LUKU juu yake, lakini peke yake hakimrudishii mtu gharama ya fundi kwa mwezi mmoja. Sababu nzito ya kuwahi ni ile ya kiti: maji yanayopita kidogo kidogo kwa miezi, pamoja na kukaza kwa nguvu kila usiku, hugeuza kazi ya washa kuwa kazi ya koki nzima. Fundi anayeandika hivyo anaaminika zaidi, na hana haja ya kumtisha mtu.

Halafu kuna namba ya simu. Wengi huandika kiungo cha WhatsApp ndani ya maelezo wakidhani mteja atabonyeza. Kwenye maelezo ya Instagram kiungo kwa kawaida hakibonyezeki. Mahali pake ni kwenye wasifu wa ukurasa. Huko huandikwa `https://wa.me/255` kikifuatiwa mara moja na tarakimu tisa za namba, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Sifuri ikibaki humo, kiungo hakimpeleki mteja popote, na fundi anabaki kushangaa mbona video inapendwa lakini simu haiiti.

Jikoni mwa mtu nako kuna mipaka yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasipo sheria, adabu inataka mwenye nyumba aulizwe kabla ya kamera kuwashwa. Picha ya karibu ya koki na mikono inatosha. Geti, namba ya mita na watoto waliopita nyuma havimsaidii mtazamaji kwa lolote. Kutaja mtaa kunatosha kuonyesha fundi anafika wapi.

Kwa upande wa mteja, hatari kubwa ni ada kuombwa mapema. Kuna wanaochukua video ya fundi mwingine, wakaweka namba yao, wakaomba elfu kumi kwa simu “ili nianze safari”, kisha wakapotea. Fundi wa kweli anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutaka malipo kabla, hasa kama nyumba iko mbali, lakini kwa mtu usiyemfahamu kulipa akishafika ni salama zaidi. Ikilazimu kutuma kwanza, tazama kama jina lililosajiliwa kwenye namba ya malipo linafanana na alilojitambulisha nalo, na muulize swali moja la kazi: koki yangu inavuja kwenye shina ikiwa wazi, ni nini? Aliyeiba video hatakuwa na jibu la haraka.

Kama maelezo ya chini ya video hayataji bei ya kufika, muulize kabla hajapanda bodaboda: kuja ni kiasi gani, na nikikupa kazi, unaikata?