Kurithi Kiti cha Klopp

Jürgen Klopp alipoondoka Liverpool Mei 2024, baada ya karibu miaka 9, mashabiki walilia. Mrithi wake, Arne Slot kutoka Feyenoord, hakuja na kundi la wachezaji wapya. Usajili wa kiangazi ulimpa mtu mmoja tu wa kutumia msimu ule, Federico Chiesa, naye alicheza kwa nadra.

Alichogusa Slot kilikuwa kidogo, ila kilionekana. Ryan Gravenberch, aliyesajiliwa enzi za Klopp, alirudishwa nyuma kucheza mbele ya mabeki, akawa mhimili wa timu. Mechi ya kwanza ya ligi, dhidi ya Ipswich, ilikuwa 0-0 hadi mapumziko. Slot akamtoa beki Jarell Quansah, aliyekuwa akizidiwa katika kugombea mipira, akamwingiza Ibrahima Konaté. Wakashinda 2-0. Naamini hapo wachezaji walimwelewa: kocha huyu hana papara, lakini haogopi kuamua.

David Moyes, aliyempokea Alex Ferguson kiti cha Manchester United mwaka 2013, alianza kwa kuwaondoa wasaidizi wa mtangulizi wake, watu walioijua timu ndani nje. Alifukuzwa kabla msimu haujaisha.

Slot alipofungwa 1-0 nyumbani na Nottingham Forest mwezi Septemba, hakubadili mfumo. Aprili 2025 Liverpool walitwaa ubingwa, mechi 4 zikiwa zimebaki.