Mtafute Msaidizi Kwanza

Zoezi la likizo la mpwa wangu lilirudi na alama nyekundu nne na tiki moja. Aliulizwa amalizie sentensi tano za Kiingereza kwa vile viswali vifupi vya mwishoni ambavyo wanafunzi huviita kwesheni tagi, na zote tano alizimaliza kwa jibu moja: "isn't it?" Tiki aliipata kwenye sentensi ya mvua, "It is raining".

"Lakini mjomba, si ndivyo watu wanavyosema?" akaniuliza.

Ndivyo wanavyosema, na sababu yake haiko mbali. Mpwa wangu alikuwa anafikiri kwa Kiswahili. Sisi tuna "sivyo?" na tunaitundika popote: mvua inanyesha, sivyo? Walikuja jana, sivyo? Wewe huli nyama, sivyo? Mkia huo haujali aliyetenda ni nani, wakati ni upi, wala kama sentensi inakubali au inakanusha. Mkia wa Kiingereza hauchukuliwi dukani ukiwa tayari. Kila sentensi hushonewa wake, kwa kitambaa cha sentensi yenyewe.

Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, mambo haya hukaa kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2. Karatasi nzima ina alama 80, na swali la nne, la sarufi, lina alama 15. Humo mtahiniwa hupewa sentensi azigeuze kwa maelekezo bila kubadili maana, ajaze mapengo, na mara nyingine atie mkia. Mtahiniwa wa kidato cha nne Tanzania naye anaijua amri hiyo ya kuandika upya sentensi kama alivyoelekezwa. Wengi huvisoma vitu hivi kama vyumba vitatu tofauti, kila kimoja na orodha yake ya kukariri. Mimi naona ufunguo mmoja hufungua sehemu kubwa ya vyote vitatu, nao ni kitenzi kisaidizi.

Chukua neno letu "hawakufika". Ukanushi umo, watu wamo, wakati uliopita umo, na kitendo kimo, vyote ndani ya neno moja. Kiingereza huvitawanya: "They did not arrive". Aliyebeba wakati na ukanushi hapo ni "did", na huyo ndiye msaidizi. Shida ni kwamba sentensi ikikubali, "They arrived", msaidizi hujificha, na mwanafunzi haoni wa kumshika. Dawa yake ni kuikanusha sentensi kichwani kabla ya kuandika chochote. Ukiikanusha, msaidizi hutoka alikojificha. "They arrived" inakuwa "They didn't arrive", na mkia umeshapatikana: "didn't they?"

Jaribio hilo huokoa watu kwenye mtego ambao watungaji wanaupenda: "He has to leave early." Mwanafunzi anaona "has", anafurahi, anaandika "hasn't he?" Lakini ikanushe. Husemi "He hasn't to leave early", unasema "He doesn't have to leave early." Kwa hiyo "has" hapo si msaidizi, ni sehemu ya kitenzi kikuu, na mkia ni "doesn't he?" Lakini katika "He has left", ukanushi ni "He hasn't left", basi mkia ni "hasn't he?" Neno ni lile lile, kazi mbili.

Tulichukua na mpwa wangu sentensi moja tukaipitia polepole: "Your brother hardly visits you". Nani anazungumziwa? "Your brother", na mkiani jina halirudiwi, linakuwa kiwakilishi: "he". Msaidizi yuko wapi? Haonekani; tukimtoa anakuwa "does", kwa sababu kitenzi "visits" kina ile "s" ya wakati uliopo. Sasa sentensi inakubali au inakanusha? Mpwa wangu alisema inakubali, maana hakuona "not". Hapo ndipo "hardly" humwangusha mtu. Maana yake ni kwamba ndugu huyo ni nadra kuja, na Kiingereza huihesabu kuwa ukanushi, sawa na "never", "seldom" na "nobody". Sentensi ikikanusha, mkia hukubali: "does he?"

Kuna pia ufupisho wa 'd, ambao unaweza kuwa "had" au "would". Jibu liko kwenye neno linalofuata. Katika "You'd better go", ni "had", basi mkia ni "hadn't you?" Katika "You'd rather stay", ni "would", na mkia ni "wouldn't you?" Visivyofuata njia ni vichache na vya kukariri tu: "I am late" huchukua "aren't I?", na "Let's go" huchukua "shall we?"

Sasa tuingie kwenye kugeuza sentensi, ambako alama nyingi hupotea. Maelekezo yakikutaka uanze na neno la kukanusha au la kubana, kama "no sooner", "hardly", "never" au "not only", msaidizi yule yule huruka mbele ya mtenda, kama inavyokuwa kwenye swali. Tuseme umepewa hii: "As soon as the bus stopped, the hawkers surrounded it", uanze na "No sooner".

Kwanza uliza kipi kilitangulia. Basi lilisimama, ndipo wachuuzi wakalizunguka. Kilichotangulia hupewa "had" na umbo la tatu la kitenzi, yaani "had stopped". Kisha mrushe msaidizi mbele ya basi: "No sooner had the bus stopped". Halafu tafuta mwenzi wa "no sooner". Neno "sooner" ni la kulinganisha, kama "taller" au "bigger", na ulinganisho wa Kiingereza huenda na "than". Kwa "hardly" mwenzi ni "when". Kipande cha mwisho hakiguswi: "No sooner had the bus stopped than the hawkers surrounded it."

Makosa ya hapa unaweza kuyatabiri. Mmoja ataandika "No sooner the bus had stopped", hakumrusha msaidizi. Mwingine ataweka "when" pale pa "than". Wa tatu ataandika "did the bus stopped", wakati uliopita ameubeba mara mbili, kwa msaidizi na kwa kitenzi. Msaidizi akishaubeba wakati, kitenzi kikuu hupumzika.

Kuna ndugu yake mgumu zaidi, "only after". Sentensi ni "We left the field only after the rain had stopped", uanze na "Only after". Aliyekariri kwamba neno la kubana huleta mruko atarusha mara moja: "Only after had the rain stopped we left". Amekosea mahali pa kurusha. "Only after" imefungua kipande cha sentensi kinachoeleza lini, na kipande hicho hukaa kama kilivyo. Mruko unangoja kipande kikuu, kinachosema tulifanya nini: "Only after the rain had stopped did we leave the field." Tazama "left" imekuwa "did" na "leave"; msaidizi aliyejificha ametolewa kwa njia ile ile ya mkia. Ukitaka kujua kipande kikuu ni kipi, funika kimoja kwa kidole kisha ukisome kilichobaki. Kinachoweza kusimama peke yake bila kukuacha ukingoja ndicho.

Si kila ugeuzaji huhusu msaidizi. Mmoja nautaja kwa sababu Kiswahili chenyewe ndicho hututega. "The tea is so hot that the child cannot drink it", itumie "too". Wanafunzi wetu huandika "The tea is too hot for the child to drink it." Ile "it" ya mwisho imetoka nyumbani, maana sisi tunasema chai ni moto mno, mtoto hawezi kuinywa, na ile "i" ndani ya "kuinywa" ni chai. Kiingereza kwa umbo hili hukiacha kiambishi chetu mlangoni: "The tea is too hot for the child to drink." Na "cannot" pia huondoka, kwa kuwa "too" tayari imebeba kutoweza. Akiiacha "not" humo, mtoto atakuwa anaweza kuinywa.

Kujaza mapengo ni kupeleleza, na ushahidi uko upande wa pili wa sentensi. Umepewa: "If she ____ (be) more careful, she would not have broken the pot." Jicho la haraka linaona "if" na kuandika "were". Nenda upande wa chungu kwanza. "Would not have broken" inasema chungu kimeshavunjika na hakiunganiki tena, basi sharti nalo ni la zamani: "had been". Kama upande ule ungesema "would not break", chungu kingekuwa kizima bado, na jibu lingekuwa "were". Na ukiambiwa uiandike upya bila "if", msaidizi huruka tena mbele: "Had she been more careful".

Pengo jingine linalopendwa ni la baada ya "to": "I look forward to ____ (meet) you." Wengi huandika "meet". Jaribu kuweka "it" mahali pa pengo. "I look forward to it" inakaa vizuri, basi hiyo "to" ni kihusishi, na kihusishi hutaka "meeting". Sasa jaribu "I used to ____ (live) here". Ukisema "I used to it", sikio linakataa, basi jibu ni "live". Ila "I am used to it" inakubalika, na ndiyo maana "I am used to ____ (wake) up early" hutaka "waking".

Mapengo ya vihusishi vyenyewe hayana upelelezi. Kwa nini mtu anapongezwa "on" na anatuhumiwa "of" lakini anashtakiwa "with"? Utakesha ukitafuta sababu. Hapo kinachosaidia ni kusoma sana na kuwa na daftari, kitenzi kikiandikwa pamoja na kihusishi chake kana kwamba ni neno moja.

Tulipomaliza, mpwa wangu alizirudia sentensi zake nne, akazikanusha moja moja kwa sauti kabla ya kuandika. Tatu zilikaa sawa. Ya nne ilikuwa "Everybody has eaten", akaandika "hasn't he?" Msaidizi alikuwa sahihi. Nikamwonyesha "they", maana Kiingereza humtaja "everybody" kama mtu mmoja kwenye kitenzi na kumrudia kama wengi mkiani: "haven't they?"

Aliitazama kwa muda. "Mjomba," akasema, "hiyo nayo inaenda kwenye daftari."