Herufi Ambayo Sikio Haliisikii

Chukua mfano wa karani wa hesabu katika kampuni ya malori mjini Mombasa. Muuzaji wa vipuri amewaletea ankara ya shilingi 800,000, na kwa kuwa wamechelewa kulipa, ameongeza riba. Tajiri wa kampuni anamwita karani na kumwambia amjibu: deni ni letu na tutalilipa lote, lakini riba hatutoi, dini yetu hairuhusu, na huo ndio msimamo. Karani anarudi mezani na kuandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya barua pepe za ofisi yao: "We will not pay interest on principal." Anaisoma mara mbili. Kompyuta haijapiga mstari mwekundu chini ya neno lolote. Anatuma.

Alichokusudia kilihitaji neno principle, yaani kanuni au msimamo. Kwa neno hilo sentensi ingesema: ni msimamo wetu kutolipa riba. Kwa principal, ambalo katika mambo ya fedha ni kiasi halisi kilichokopwa kabla ya riba, sentensi inasema: hatutalipa riba ya lile deni la awali. Habari ya msimamo na imani imetoweka kabisa. Muuzaji anabaki na swali la halali: je, wanakubali riba ya gharama nyingine, kama vile usafirishaji? Zinafuata barua nne za kuelezana jambo ambalo tajiri alilimaliza kwa maneno kumi.

Makosa mengi ya jozi hii hayafiki huko. Mtu akiandika "agreed in principal" akitaka kusema wamekubaliana kimsingi, msomaji anaelewa na kuendelea. Ubaya ni kwamba mwandishi hawezi kujua mapema ni sentensi ipi itavumilia kosa na ipi itageuka maana.

Kwa nini mtu anayejua Kiingereza vizuri, aliyekisoma tangu shule ya msingi, bado anakosea hapa? Jibu liko kwenye sikio. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea lugha ambayo kila irabu hutamkwa kwa ukamilifu wake, iwe na mkazo au isiwe nao. Mkate, mkato na mkata hutofautiana kwa irabu ya mwisho peke yake, tena irabu isiyo na mkazo, lakini hakuna anayeagiza mkato dukani akitaka mkate. Mswahili akikosea tahajia, mara nyingi ni kwa sababu ya matamshi: anayeandika "mahari" akimaanisha mahali huenda ndivyo anavyolitamka.

Kiingereza kina tabia nyingine. Silabi isiyo na mkazo hupunguzwa nguvu, na irabu iliyomo hufifia mpaka a, e na i zote zikasikika kama mguno mmoja mfupi. Sasa zitazame jozi tatu zinazosumbua ofisi: principal na principle, stationary na stationery, compliment na complement. Katika kila jozi, tofauti imekaa palepale kwenye silabi iliyofifia. Katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza huyatamka maneno mawili ya jozi karibu sawasawa au sawasawa kabisa, naye pia huyakosea anapoandika. Kusikiliza zaidi hakusaidii.

Kisahihishi cha kompyuta nacho kina mpaka wake. Kazi yake ya msingi ni kulinganisha kila neno na orodha ya maneno halali. "Prinsipal" haimo kwenye orodha, basi inapigwa mstari. Principal na principle zote zimo, basi zinapita. Programu za miaka ya karibuni huangalia pia maneno jirani na wakati mwingine hushtuka, lakini sentensi ya karani wetu ni sahihi kisarufi na ina maana kamili. Imekosa tu kuwa maana aliyoikusudia.

Kinachosaidia ni kujua maneno haya yametoka wapi, na hapo Mswahili ana hazina ambayo walimu wa Kiingereza hawaitumii. Principal kwa Kiingereza ni mkuu wa chuo, na pia ni fedha ya awali ya mkopo. Mwanafunzi hushangaa vitu hivyo viwili vinahusiana vipi. Kiswahili kinamjibu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkuu wa ndaki huitwa Rasi wa Ndaki, na rasi limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa. Neno rasilimali nalo, ambalo leo tunalitumia kwa misitu na madini, asili yake kwa Kiarabu ni "kichwa cha mali", yaani mtaji, fedha ile ya kuanzia kabla ya faida. Kwa hiyo Kiswahili, kwa njia ya Kiarabu, kina wazo lilelile la Kilatini lililozaa principal: kilicho cha kwanza, kilicho juu, kilicho kichwa.

Sasa tazama herufi. Principal inaishia na -al, na -al imo ndani ya mwalimu, imo ndani ya mali na ndani ya rasilimali. Mkuu wa chuo ni mwalimu; deni la awali ni mali. Principle inaishia na -le, na kanuni haibadilikibadiliki: leo na kesho ni ile ile. Mwenye kushika hayo mawili hahitaji kukariri msemo wa Kiingereza.

Nchini Kenya jozi hii ina uzito wa kiitifaki pia. Katiba ya mwaka 2010 ilileta cheo cha Principal Secretary, mtendaji mkuu wa idara ya serikali. Barua ya kuomba zabuni au kibali inayoanza na "Principle Secretary" imekosea cheo cha mpokeaji kabla haijafika kwenye hoja.

Jozi ya pili iko barabarani, si kwenye barua peke yake. Pita mtaa wowote wenye chuo au mahakama, kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, utaona vibao vya maduka yanayotoa fotokopi, yanayochapa barua na kuuza kalamu na bahasha. Vingine vimeandikwa Stationery, ambayo ndiyo sahihi. Vingine vimeandikwa Stationary, ambalo ni neno la kitu kilichosimama bila kujongea, kama gari lililoegeshwa. Fundi wa vibao huandika alichopewa kwenye karatasi.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni kwamba yote mawili ni ya ukoo mmoja. Katika Ulaya ya zama za kati, wauzaji wengi wa bidhaa walizitembeza, kama machinga. Muuzaji wa vitabu, hasa karibu na vyuo vikuu, alikuwa na kibanda chake pasipohama, akaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya mtu wa kituo kimoja. Waingereza wakamwita stationer. Mjini London wafanyabiashara hao waliunda chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 kikapata hati ya kifalme. Bidhaa za stationer ndizo zikaitwa stationery, na hiyo -er ya mwenye duka imebaki ndani ya neno. Stesheni ya treni ni jamaa wa karibu. Kwa kumbukumbu ya haraka: stationery ina e kama penseli, stationary ina a kama kusimama.

Anayeagiza "office stationary" ataletewa karatasi zake bila taabu. Mahali pa kuwa mwangalifu ni ripoti ya ajali kwa kampuni ya bima, ambapo swali la kama gari lilikuwa stationary au linatembea ndilo huamua mengi. Dereva aliyeandikiwa kuwa gari lake lilikuwa "stationery" hatanyimwa fidia kwa herufi hiyo, lakini maelezo yake yataonekana ya mtu asiyekuwa makini, na hapo ndipo umakini wake unapopimwa.

Jozi ya tatu ndiyo yenye gharama. Complement ni kinachokamilisha kingine. Ndani yake mna herufi za mwanzo za complete, yaani kamili. Compliment ni neno la sifa au salamu za heshima, na lina i kama sifa. Yote yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kujaza: moja lilibaki kwenye kujaza pengo, jingine lilipita Kihispania, Kiitaliano na Kifaransa likawa kutimiza adabu, kisha kusifu. Kwenye adabu hiyo ndipo ilipotoka maana ya zawadi, na leo complimentary kwenye hoteli ni kitu cha bure: kifungua kinywa cha bure, usafiri wa bure kutoka uwanja wa ndege.

Fikiria basi kampuni inayokodisha mahema na viti kwa sherehe. Inamwandikia mteja kwamba mahema ni shilingi 900,000, na inaongeza kuwa ina "complimentary sound system". Ilitaka kusema ina vipaza sauti vinavyoendana na mahema, complementary, kwa bei yake ya 350,000. Mteja amesoma kuwa vipaza sauti ni vya bure. Siku ya malipo anatoa 900,000 na kuonyesha barua kwenye simu yake. Barua iko upande wake. Kampuni ikidai 350,000 inaonekana imegeuka; ikisamehe, imelipia herufi moja.

Kuna ukaguzi mfupi unaonasa yote haya kabla ya kutuma. Katika Word na katika programu nyingine nyingi za kuandikia, bonyeza `Ctrl` + `F`, kisha tafuta vipande vitatu kwa zamu: `princip`, `station`, `compl`. Kila kipande ni sehemu ambayo maneno ya jozi yanashirikiana, kwa hiyo utafutaji unakuletea yote, sahihi na yasiyo sahihi. Kwa kila utakachokipata, sema maana yake kwa Kiswahili: mkuu, deni au kanuni? Kusimama au penseli? Sifa, bure au kukamilisha? Maana ikishatajwa kwa Kiswahili, herufi inajulikana.

Anza na nakala ambazo hutumwa tena na tena: ankara ya kawaida ya kampuni, barua ya bei kwa wateja wapya, na mistari ya cheo iliyo chini ya kila barua pepe yako. Zifungue leo, kwa maana kosa lililomo humo linatoka na kila barua unayotuma.