Tambua Mpangilio wa Maandishi Kabla ya Kufuata Maagizo Yake

Barua au tangazo likikufikia, usianze kwa kuhangaikia neno moja moja. Jiulize kwanza: maandishi haya yamepangwaje? Je, yanaeleza mambo yanayofuatana kwa wakati? Je, yanalinganisha vitu viwili? Au yanataja tatizo na kuonyesha la kufanya? Ukishajua hilo, utajua ni jambo gani la kutafuta ndani yake.

Tuanze na mpangilio wa wakati, maana huo ndio unaowapotosha watu wengi zaidi. Wanaoishi Kabalagala, Kampala, wanajua kwamba jina la mtaa wao ni jina la andazi la ndizi pia. Tuseme jirani anakuandikia hivi: "Kaanga vipande mpaka viwe vya kahawia, baada ya kuponda ndizi mbivu, kuzikanda na unga wa muhogo na kukata unga huo kwa kikombe." Kukaanga kumetajwa kwanza, lakini kunafanyika mwisho. Jikoni huwezi kupotea, kwa sababu kazi yenyewe unaifahamu. Katika barua ya ofisi kazi huifahamu, na hapo ndipo hasara inapotokea.

Chukua mfano huu. Mtu mmoja anayeishi Kabalagala ameomba hifadhi, naye amepewa barua ya majibu. Barua za namna hii huandikwa kwa Kiingereza. Hapa tunaiweka kwa Kiswahili, kama mkalimani angemsomea:

"Unaweza kukata rufaa mbele ya Bodi ya Rufaa ya Wakimbizi ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa uamuzi huu. Ombi lako, lililopokelewa tarehe 4 Machi, lilijadiliwa na Kamati tarehe 20 Mei na halikukubaliwa."

Mtu huyo alikabidhiwa barua mkononi tarehe 3 Juni. Tarehe 25 Juni anaisoma tena, anaona "20 Mei" na "siku 30", anahesabu na kupata tarehe 19 Juni. Anadhani muda umekwisha, anakaa nyumbani.

Sasa tuyapange mambo hayo kama yalivyotokea. Piga mstari kwenye karatasi. Mwanzo wa mstari andika: 4 Machi, ombi limepokelewa. Kisha: 20 Mei, Kamati imeamua. Kisha: 3 Juni, nimearifiwa. Mwisho: siku ya 30. Tukio la tatu halimo katika barua kabisa, maana aliyeiandika hakujua itakukuta lini. Lakini hilo ndilo barua inaloliita "kuarifiwa", na hesabu inaanzia hapo. Ukihesabu tarehe 4 Juni kuwa siku ya kwanza, siku ya 30 ni tarehe 3 Julai. Kwa hiyo tarehe 25 Juni mtu huyu bado ana siku nane za kupeleka rufaa yake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ndiyo inayotoa muda huo wa siku 30 tangu mwombaji aarifiwe.

Kwa sababu hiyo, siku unapopewa barua yoyote, andika tarehe ya siku hiyo juu ya bahasha papo hapo, na uitunze bahasha. Wala usingoje siku ya mwisho. Ofisi inaweza kuhesabu tofauti na wewe, na mistari uliyochora haitakutetea.

Maneno yanayokuonyesha mpangilio wa wakati ni kama kabla, baada ya, tangu, hadi, ndani ya, ndipo na mara tu. Kila unapokuta "kabla" au "baada", simama na uulize: lipi linatangulia? Kitenzi nacho husaidia. Ukisoma "alifika, akajiandikisha, akapewa karatasi", ile -ka- inakuhakikishia kwamba mambo yamefuatana kama yalivyoandikwa, huna haja ya kuyapanga upya.

Wasomaji wanaotoka Kongo wazingatie neno moja zaidi. Katika Kiswahili cha kwetu Kivu "mbele ya kula" ni sawa na "kabla ya kula". Lakini "kukata rufaa mbele ya Bodi" hakusemi lolote juu ya wakati. Maana yake ni kupeleka rufaa kwenye Bodi hiyo. Msomaji anayedhani kwamba Bodi inakaa kwanza ndipo yeye apeleke rufaa, atakaa akingoja kikao ambacho hakiwezi kumsikiliza.

Mpangilio wa pili ni wa kulinganisha. Utautambua kwa maneno kama lakini, ilhali, kuliko, tofauti na, vilevile. Tuseme ndugu yako aliye Kabalagala anakuandikia wewe uliye Nakivale: "Huku napata pesa kila siku kwa kuuza vitenge, ilhali huko mnangoja mgao tu. Huku kuna shule nyingi kuliko huko." Barua inavutia. Gawa karatasi pande mbili, Kabalagala na Nakivale, na kila jambo ulitafutie jibu pande zote mbili. Kodi ya nyumba: Nakivale mtu hukaa katika kiwanja alichopewa, upande wa Kabalagala barua haikutaja kitu. Ada ya shule: haikutajwa. Chakula: anayeishi mjini kwa kawaida hujitegemea, na barua haikusema anatumia kiasi gani. Mapato yametajwa upande mmoja na shida upande wa pili. Huo si ulinganisho uliokamilika, hata kama kila neno ni la kweli na ndugu yako hana nia mbaya. Nafasi zilizobaki tupu ndizo maswali ya kumwandikia kabla hujafunga mizigo.

Mpangilio wa tatu ni wa tatizo na ufumbuzi, nao ndio mwingi katika matangazo ya afya. Hapa tafuta mambo matatu: tatizo ni lipi, linaletwa na nini, na ufumbuzi unaondoa sehemu gani ya tatizo. Hilo la mwisho husahauliwa. Angalia tangazo hili: "Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi mwilini. Changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umnyweshe kidogo kidogo."

Tatizo lililotajwa ni kupotea kwa maji na chumvi, na ufumbuzi unarudisha hayo hayo. Haukusema kwamba kuharisha kutakoma. Mama aliyesoma haraka ataona mtoto bado anaharisha, atasema dawa haifai na ataacha kumnywesha, wakati ambapo mtoto anaihitaji zaidi. Aliyeona ufumbuzi umefungwa kwenye tatizo gani ataendelea kumnywesha. Na mtoto akiwa macho yameingia ndani, amelegea, au hawezi kunywa, au kuna damu katika choo, atajua kwamba hiyo ni hali ya hatari ambayo tangazo hili halikuitaja, naye atampeleka kituo cha afya mara moja.