Kwa Nini Balbu ya Njano Ndiyo Yenye Namba Ndogo

Chukua balbu mbili za LED za kampuni moja, zote za wati 9, zote za lumeni 806. Moja imeandikwa 2700K, nyingine 6500K. Ukiziwasha, ya kwanza inatoa mwanga wa manjano kama zile globu za zamani, na ya pili inatoa mweupe mkali unaovutia kidogo kwenye bluu. Dukani huitwa tu "ya njano" na "nyeupe", na mteja mwenye haraka haulizi zaidi. Lakini maboksi yanasema kwamba ile ya njano ni ya mwanga wa joto na ile nyeupe ni ya mwanga baridi, na hiyo herufi K inasimama badala ya kelvini, ambayo ni kipimo cha joto. Sasa inakuwaje mwanga unaoitwa wa joto uwe na kelvini chache, na ule wa baridi uwe nazo nyingi?

Jibu la kwanza limo kwenye jiko la mkaa. Mkaa unapoanza kushika moto huwa na wekundu wa giza. Ukiupepea, wekundu unakolea, unageuka rangi ya chungwa, na pale katikati panapowaka zaidi panaelekea manjano. Mhunzi naye hukisoma chuma chake hivyohivyo: anajua kwa rangi tu kama kimefika mahali pa kufuliwa. Thomas Wedgwood, aliyekuwa mtoto wa mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza, alieleza mwaka 1792 kwamba vitu vya aina tofauti kabisa huanza kung'aa wekundu vinapofikia joto lilelile. Leo tunajua kuwa wekundu hafifu huanza kuonekana kwenye nyuzi 525 za Selsiasi hivi, kiwe chuma, kiwe kigae, liwe jiwe. Kinachotawala ni joto, na ndiyo maana rangi inaweza kutumiwa kama kipimajoto.

Kadiri kitu kinavyozidi kupata moto, mwanga wake hupanda ngazi: mwekundu, chungwa, manjano, mweupe, na mwisho mweupe wenye bluu ndani yake. Bluu iko juu kabisa. Sisi tunauita mwanga wa manjano "wa joto" kwa sababu unatukumbusha moto wa nyumbani, nao moto wa nyumbani uko kwenye vidato vya chini vya ngazi hiyo. Majina ya kwenye boksi yanafuata hisia zetu, namba zinafuata moto wenyewe.

Kelvini inahesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa, ile isiyoweza kupunguzwa tena, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kwa hiyo ukitaka kelvini, chukua nyuzi za Selsiasi ujumlishe 273. Kipimo hiki kilipewa jina la Lodi Kelvin, yaani William Thomson, profesa wa Glasgow aliyekipendekeza mwaka 1848. Yeye hakuwa akiwaza taa.

Waliounganisha mambo haya mawili kwa vipimo vya uhakika walikuwa Wajerumani, mjini Berlin, mwishoni mwa karne ya 19. Wakati huo taa za gesi na taa za umeme zilikuwa zikigombania soko, na tasnia nzima ilihitaji kipimo cha mwanga cha kuaminika. Katika taasisi ya taifa ya vipimo, Otto Lummer, Ernst Pringsheim na wenzao walitumia kitu kama tanuri: chombo chenye uwazi ndani, kilichopashwa joto sawasawa pande zote, na chenye tundu dogo la kutolea mwanga. Mwanga wa tundu hilo hautegemei chombo kimetengenezwa kwa nini, unategemea joto pekee. Walipima kila rangi iliyomo ndani yake, na mwaka 1900 Max Planck akapata kanuni iliyolingana na vipimo vyao. Tangu hapo ukitaja joto la tanuri kama hilo, umetaja pia rangi yake, bila nafasi ya kubishana nani anaita nini manjano.

Globu ya zamani ilikuwa tanuri dogo la namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na waya mwembamba wa tungsteni uliopashwa na umeme hadi kufikia kelvini 2,700 hivi, yaani zaidi ya nyuzi 2,400 za Selsiasi. Namba 2700 iliyoko kwenye boksi la leo imetoka hapo: ni joto halisi la waya ule. Mwali wa mshumaa uko chini yake, karibu kelvini 1,900. Uso wa jua uko juu sana, karibu kelvini 5,800, na nuru ya mchana, ukichanganya jua na anga, hukadiriwa kuwa 6,500. Tungsteni huyeyuka kabla hata ya kufika 3,700, ndiyo sababu hapakuwahi kuwa na globu ya waya iliyotoa mwanga mweupe kama wa mchana, isipokuwa zilizopakwa bluu kwenye kioo. Na kwenye joto la 2,700 sehemu kubwa ya umeme hutoka kama miale ya joto isiyoonekana. Kilichobaki kuwa mwanga hakikufika hata sehemu moja ya kumi. Aliyewahi kuishika globu iliyowaka kwa saa moja hahitaji kuelezwa.

Balbu ya LED haifanyi kazi hivyo hata kidogo. Ndani yake hakuna kitu chenye joto la kelvini 6,500. Mna vipande vidogo vya kitu kama kioo vinavyotoa mwanga wa bluu umeme unapopita, na juu ya kila kipande kumepakwa unga wa manjano. Unaweza kuuona kwenye taa ya ukanda au kwenye projekta ya uani ikiwa imezimwa: ni vile vidoadoa vya njano vilivyopangwa kwa safu. (Usifungue balbu ya mezani kutazama, kwa sababu nyingi zina umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye kile kibati cha ndani.) Unga huo humeza sehemu ya bluu na kuirudisha ikiwa manjano, na jicho likipokea bluu na manjano pamoja linaona nyeupe. Kiwandani wakipaka unga kidogo, bluu nyingi inapita na balbu inakuwa ya 6500K. Wakiongeza unga na kuchanganya ule wa kutoa wekundu, inakuwa ya 2700K. Kwa hiyo namba ya LED ni ya kufananisha tu. Inasema kwamba rangi ya mwanga huu inakaribiana zaidi na ya tanuri lenye joto hilo.

Kufananisha kuna nafasi ya kupotoka, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanaposhangaa. Viwango vya Marekani vinaruhusu balbu ya 2700K kupungua au kuzidi kwa takriban kelvini 145, na ile ya 6500K kwa takriban 510. Inaonekana kama upendeleo, lakini vidato vya ngazi hii si sawa machoni. Tofauti kati ya 2,700 na 3,000 huonekana wazi kwa mtu yeyote. Ukiwa juu, kupata tofauti ya ukubwa huohuo lazima utoke 5,000 ufike kama 6,100. Tena mwanga unaweza kuwa na namba sahihi na bado ukaegemea kijani au pinki, jambo ambalo kelvini haisemi. Njia rahisi ya kulikamata ni kuziwasha balbu mbili juu ya karatasi nyeupe, kila moja upande wake. Ikiwa upande mmoja unaonekana kama umepakwa kijani, hiyo balbu usiiweke sebuleni, hata kama maboksi yote mawili yana 4000K.

Chukua fundi cherehani anayefanya kazi hadi usiku chini ya balbu ya 2700K. Anachagua uzi wa kushona suruali nyeusi, asubuhi anakuta ametumia uzi wa nevi bluu. Macho yake hayana tatizo. Mwanga wa 2,700 una bluu kidogo mno, na nguo ya bluu iliyokolea haiwezi kurudisha rangi ambayo haikuipokea, basi inaonekana nyeusi. Akibadilisha na kuweka 6500K, nevi na nyeusi zinatengana papo hapo. Lakini sasa mteja analeta kitenge chenye wekundu mkali, nao unaonekana umefifia kama uliofuliwa mara nyingi. Kelvini haihusiki hapo: LED ya bei nafuu hutoa wekundu kidogo, iwe ya njano au nyeupe. Atazame namba nyingine ya tarakimu tatu, ambayo baadhi ya balbu na mirija huwa nayo, kama 827, 840 au 865. Tarakimu mbili za mwisho ni kelvini kwa mamia: 27 ni 2,700, na 65 ni 6,500. Ile ya kwanza ni uaminifu wa rangi: 8 maana yake alama 80 au zaidi kati ya 100, na 9 maana yake 90 au zaidi. Alama hizo ni wastani wa rangi nane za kawaida, na wekundu mkali haumo kati yake, ndiyo maana balbu ya 80 inaweza kufaulu huku nyanya na nyama zikionekana za jana. Kwa fundi huyu inayofaa ni 965, au 940 ikiwa hataki weupe mkali hivyo usiku kucha.

Nyumbani mambo hayahitaji ukali huo, ila kosa moja ningeomba liepukwe: kuchanganya njano na nyeupe kwenye chumba kimoja. Jicho huzoea mwanga wowote likiachwa nao dakika chache, na kuanza kuuona mweupe. Likipewa miwili kwa mpigo haliwezi kuzoea yote, basi moja itaonekana chungwa na nyingine bluu daima. Kamera ya simu hupata shida hiyohiyo: picha ya mtu aliyekaa kati ya dirisha na balbu ya njano hutoka shavu moja la bluu na jingine la chungwa. Kwa chumba cha kulala mimi ningechagua 2700K bila kusita, kwa sababu mwanga wenye bluu nyingi usiku huchelewesha saa ya mwili inayotuletea usingizi, ingawa ukali wa taa nao una sehemu yake.

Ukitaka kuona tofauti kati ya tanuri na kifananisho chake, tafuta swichi ya kupunguza mwanga. Globu ya zamani ikipunguzwa, waya wake hupoa na rangi hushuka ngazi hadi chungwa. LED ya 2700K ikipunguzwa hubaki na rangi yake ileile, hafifu tu, kwa kuwa unga uliopakwa haujabadilika. Watu waliokosa ule ushukaji walilalamika, na sasa viwanda huuza balbu zenye vipande vya ziada vya rangi ya kaharabu, vinavyoshika zamu mwanga unapopunguzwa na kuishusha rangi hadi karibu na ya mshumaa.