Kamisheni ya Asilimia na Kiwango Halisi cha Kubadilisha Fedha: Ulinganisho wa Madirisha Mawili

Kiwango kinachobandikwa kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha si lazima kiwe ndicho anachokipata mteja. Pale ambapo kamisheni hutozwa kwa asilimia, kiwango halisi ni shilingi anazokabidhiwa mteja zikigawanywa kwa dola alizotoa.

Tuchukulie mteja mwenye dola 200 jijini Dar es Salaam. Dirisha la kwanza linanunua dola kwa shilingi 2,600 na kukata kamisheni ya asilimia 2. La pili linanunua kwa shilingi 2,560 bila kamisheni. Katika dirisha la kwanza, shilingi 520,000 hukatwa 10,400, na mteja huondoka na 509,600, yaani shilingi 2,548 kwa kila dola. La pili humpa 512,000. Hivyo, ubao unaovutia zaidi unampunguzia shilingi 2,400.

Tofauti ya mbao hizo ni shilingi 40, takriban asilimia 1.54 ya 2,600. Kamisheni ikizidi hapo, dirisha la kwanza huwa duni, kiasi kinachobadilishwa kiwe kikubwa au kidogo.

Hata hivyo, kanuni hii haitoshi penye kima cha chini cha kamisheni. Kwa asilimia 1, dirisha la kwanza lingekuwa bora, kwa kiwango halisi cha shilingi 2,574. Lakini kima cha chini kikiwa shilingi 10,000, mteja huyo angepata 510,000 tu, sawa na 2,550 kwa dola. Kwa sababu hiyo, kipimo cha kulinganishia ni kiasi cha mwisho atakachokabidhiwa mteja, kikiulizwa kabla hajatoa dola zake.