Asilimia 96 na Mtoto Anayechoka

Tumchukue mtoto wa mfano, wa miaka 6, mwenye pumu. Kifua kilimbana tangu magharibi, na saa nane usiku mama yake anamfikisha kituo cha afya. Muuguzi anambana kidole kwa kipima oksijeni, kile kidude kidogo chenye mwanga mwekundu ambacho wengi wetu tulikizoea wakati wa Korona. Baada ya sekunde chache kinaandika 96. "Oksijeni yake iko vizuri, mama," anasema muuguzi, na mama anashusha pumzi.

Lakini mwangalie mtoto mwenyewe. Amekaa ameinamia mbele, mikono ameikaza magotini. Ukimuuliza anasoma wapi, anatoa neno moja, anavuta hewa, ndipo anatoa la pili. Ukihesabu pumzi zake kwa dakika nzima unapata 44, na kwa mtoto aliyevuka miaka 5, kupita 30 katika shambulio la pumu ni dalili ya hali kali. Kila anapovuta hewa, nyama za katikati ya mbavu zinabonyea ndani. Mtoto huyu ni mgonjwa sana, na ile 96 haijakosea. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kipima oksijeni, kilichotokana na wazo la mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, hupitisha kidoleni miale miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu iliyobeba oksijeni na ile isiyobeba hazinyonyi miale hiyo kwa kiasi kimoja. Kifaa husoma tofauti hiyo kila mshipa unapodunda, kisha hukisia ni sehemu gani ya hemoglobini imebeba oksijeni. Basi. Hakipimi hewa inayoingia wala kutoka kifuani, na hakijui mtoto anatumia nguvu kiasi gani kuipata.

Fikiria daladala kituoni. Hemoglobini ndiyo viti, na oksijeni iliyo kwenye mapafu ndiyo abiria wanaongoja. Wakiwa wengi kituoni, gari linaondoka limejaa. Wakipungua hadi karibu nusu, bado viti vingi vinapata watu, na anayelitazama gari likipita barabarani hataona tofauti kubwa. Viti huanza kubaki wazi kwa wingi pale tu kituo kinapokaribia kuwa kitupu. Mwenendo wa oksijeni katika damu ni huohuo: mapafu yanaweza kuwa yamepungukiwa sana na kipimo kikabaki juu ya 90, lakini kikivuka hapo kuteremka, kinaporomoka haraka.

Mtoto wetu anazidi kukijaza kituo kwa jasho lake. Njia zake za hewa zimebana na kujaa makamasi, kwa hiyo anapumua mara mbili ya kawaida, na misuli ya shingo na mbavu inafanya kazi isiyokuwa yake. Ile 96 ameinunua kwa nguvu. Hakuna kioo kitakachokuonyesha amebakiza nguvu kiasi gani.

Akianza kuchoka, inabadilika kwanza hewa ukaa, ile taka ya mwili tunayoitoa tunapopumua nje. Mwanzoni mwa shambulio huwa chini, kwa sababu anapumua mbiombio na kuifukuza. Misuli ikilegea inarudi kwenye kiwango cha kawaida, kisha inapanda. Inapopanda, mtoto anasinzia, anachanganyikiwa, na pumzi zake zinapungua kutoka 44 hadi 30, hadi 20. Mtu aliyeingia zamu saa hiyo anaweza kudhani amepata nafuu na amelala. Mlio wa kifuani nao unapotea, kwa kuwa hewa inayopita haitoshi hata kupiga mluzi. Kifua kilichonyamaza ghafla kwa mtoto wa pumu aliyekuwa akikoroma dakika kumi zilizopita kinanitisha kuliko kelele yoyote.

Sasa mwekee oksijeni kwa mrija wa puani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Kwa mrija, anayovuta inaweza kufika kama 30. Nyongeza hiyo ndogo inakijaza kituo tena hata kama mtoto anapumua kidogo mno. Hewa ukaa inaweza kuwa imepanda mara mbili ya kawaida na kipimo kikasoma 97. Bila ule mrija, kupumua kwa udhaifu wa namna hiyo kungeishusha namba hadi chini ya 90 na kengele ingelia. Sisemi oksijeni asipewe. Ikishuka chini ya 92 apewe bila kusita. Ila namba iliyosomwa mrija ukiwa puani isichukuliwe kama iliyosomwa bila mrija, na kwenye faili iandikwe wazi ni ipi kati ya hizo mbili.

Kuna kasoro nyingine, na hii inatugusa sisi wenye ngozi nyeusi moja kwa moja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu iliyotolewa kwenye ateri. Miongoni mwa waliosoma kati ya 92 na 96 kidoleni, takriban wagonjwa weusi 12 katika kila 100 walikuwa na kiwango halisi chini ya 88. Kwa weupe walikuwa kama 4. Rangi ya ngozi hunyonya sehemu ya mwanga, na vifaa vingi vilisawazishwa zaidi kwa watu wa ngozi nyepesi. Mashine ya kupima damu ya ateri haipatikani katika vituo vyetu vingi, kwa hiyo mimi nikiona 93 kwa mtoto anayehema siihesabu kuwa salama. Tena nikitazama kucha kwanza: piko na rangi ya kucha huharibu kipimo, na kidole cha baridi hukosa mdundo wa kusomeka. Hamia kidole kingine au ncha ya sikio, na ungoje mpaka namba itulie.

Turudi kwa mtoto wetu. Tuseme muuguzi, badala ya kuishia kwenye ile 96, anamvua fulana. Anaziona mbavu, anahesabu pumzi kwa dakika nzima, anasikiliza kama hewa inaingia pande zote mbili za kifua. Anampa salbutamoli ya kupuliza kupitia spesa, anarudia kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza, na anampa vidonge vya predinisoloni mapema kwa sababu huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Anamwambia mama asimwache mtoto alale kabla hajamwona tena, na gari la rufaa linaandaliwa endapo hatafunguka.

Kufika saa tisa na nusu pumzi zimeshuka hadi 28. Zamu hii kushuka huko ni kwa heri: mtoto yuko macho, mbavu hazibonyei kama mwanzo, na kifuani hewa inasikika ikiingia mpaka chini. Anamgeukia mama yake na kusema, kwa pumzi moja, "Mama, nataka maji halafu twende nyumbani." Kidoleni bado inasoma 96.